Rais akikataa kuteua jaji, korti inafanya nini?

"Wakubwa, Rais akikataa tu kumteua jaji, korti inaweza kumlazimisha?"

Ndugu, uamuzi inaweza kutoa. Kumshika mkono atie sahihi ndiyo shida. Ibara ya 166 ya Katiba ya Kenya inasema Rais huteua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Hapo hana nafasi ya kuchagua. Mwaka 2019 Tume ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41, akayakalia. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema anafungwa na orodha hiyo. Bado akanyamaza hadi Juni 2021, mmoja akiwa ameshafariki, akateua 34 na kuwaacha sita, akiwemo Joel Ngugi tuliyemzoea hapa kortini Nakuru. Oktoba korti ikampa siku 14, la sivyo Jaji Mkuu awaapishe mwenyewe. Siku zikapita, hakuna aliyeapa. Hao sita waliteuliwa Septemba 2022, Ruto alipoingia.

Na ukitaka kushtaki, andika jina la Mwanasheria Mkuu. Ibara ya 143 inamkinga Rais binafsi akiwa madarakani kwa anayoyafanya chini ya Katiba, lakini uamuzi wake wenyewe unapingwa kama kawaida.