Kazi niliyopewa kwa simu, ina nguvu kisheria?

"Meneja amenipigia, kasema kazi ya uhasibu ni yangu, nianze tarehe 1. Nimekubali, ila sijasaini kitu. Wakighairi, nina haki yoyote?"

Ndugu, katika nchi nyingi mkataba wa ajira unaweza kufungwa kwa mdomo. Sahihi huja kama ushahidi tu. Kinachoangaliwa ni kama mlikubaliana mambo ya msingi: kazi gani, mshahara kiasi gani, unaanza lini. Kwako kazi na tarehe vipo. Je, mshahara ulitajwa? Kama alisema "hilo tutaongea ukija", hapo pana pengo kubwa.

Kumbuka pia kama aliweka sharti. "Kazi ni yako, tukishawasiliana na wadhamini wako" ni tofauti kabisa na "kazi ni yako". Sharti lisipotimia, kwa kawaida hawabanwi.

Ugumu hasa uko kwenye kuthibitisha. Mwandikie baruapepe leo hii: "Nashukuru kwa simu yako. Nathibitisha nimekubali kazi ya uhasibu, kuanza tarehe 1, kwa mshahara tuliokubaliana wa…", utaje kiasi chenyewe. Akijibu "sawa, karibu", tayari una maandishi mkononi.

Kabla ya hapo, tafadhali usiache kazi uliyonayo. Hata ukishinda kesi, mara nyingi fidia haizidi mshahara wa kipindi cha notisi, na ni nadra mahakama kumlazimisha mwajiri akupokee. Kama umeshaacha, muone wakili wa masuala ya kazi haraka, maana muda wa kufungua madai ya ajira huwa mfupi.