Bima Ikikataa Kulipa Upasuaji: Rufaa Inaanzia Kwenye Sababu Waliyoiandika

Barua ya kukataliwa madai huwa fupi, na ndani yake huwa na sentensi moja tu yenye uzito: ile inayotaja kifungu cha mkataba. Yetu ilisema kwamba dalili za ugonjwa zilianza ndani ya kipindi cha kungoja, yaani siku za mwanzo za mkataba ambazo bima bado hailipi, hivyo kwa mujibu wa kifungu 7(c) madai hayalipwi. Mengine yote, ya kusikitika na kutushukuru kwa kuwa wateja, yaweke pembeni. Rufaa inajibu sentensi hiyo na si nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nimesoma barua kadhaa za ndugu na majirani waliokataliwa, na karibu zote zinaeleza maumivu ya mgonjwa, mkopo uliochukuliwa na ada za watoto zilizosimama. Hayo ni kweli na yanauma. Lakini afisa madai anayefungua barua yako hana mamlaka ya kulipa kwa huruma. Anachohitaji ni sababu atakayoiweka kwenye faili, bosi wake aisome na aone kwamba uamuzi wa kwanza ulikosea mkataba au ulikosea ukweli wa matibabu. Kazi yako ni kumpa sababu hiyo, ikiwa imeandikwa na ina viambatisho.

Nieleze ya kwetu ili uone inavyofanyika. Nilikata bima ya familia hapa Dar es Salaam, ikaanza tarehe 1 Machi. Kwa upasuaji usio wa ajali, kipindi cha kungoja kilikuwa siku 60, maana yake kiliisha tarehe 29 Aprili. Tarehe 24 Juni mke wangu akaanza kuumwa upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula vyakula vya mafuta. Tarehe 26 akaenda zahanati ya mtaani, akapewa dawa za tumbo. Maumivu yakarudi kwa nguvu na homa juu, na tarehe 15 Julai akalazwa. Ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo na ukuta wa kifuko uliovimba. Daktari bingwa akakitoa kifuko kwa upasuaji wa matundu madogo. Idhini ya bima ilichelewa, tukalipa wenyewe shilingi 6,240,000 na kupeleka madai ya kurejeshewa. Wakakataa.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuliza: hii habari ya kwamba dalili zilianza mapema wameitoa wapi? Kampuni ya bima haimjui mgonjwa, inajua karatasi. Niliomba kwa maandishi nakala ya fomu ya madai waliyoitegemea, kisha mke wangu akasaini ombi la nakala za faili lake kwenye kitengo cha kumbukumbu cha hospitali. Fomu ya madai, iliyojazwa kaunta, ilisema maumivu yalikuwa ya miezi mitatu. Faili la wodi, lililoandikwa na daktari usiku ule wa kulazwa, lilisema hivi: `RUQ pain 3/52`, yaani maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, kisha muda wake.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Madaktari wetu wengi huandika muda kwa mkato wa sehemu. Namba ya juu ni idadi na ya chini inataja kipimo: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo `3/7` ni siku tatu, `3/52` ni wiki tatu, `3/12` ni miezi mitatu. Aliyejaza fomu alihamisha wiki tatu zikawa miezi mitatu. Ukihesabu miezi mitatu nyuma kutoka tarehe 15 Julai unatua tarehe 15 Aprili, ndani kabisa ya kipindi cha kungoja. Ukihesabu wiki tatu unatua tarehe 24 Juni, karibu miezi miwili baada ya kipindi hicho kuisha. Kama umekataliwa kwa sababu ya tarehe, anza kwa kutafuta mahali muda ulipoandikwa mara ya kwanza, halafu ufuatilie ulivyonakiliwa karatasi hadi karatasi.

Kosa ukiliona, usikubali mtu alifute au aliandike juu, hata kama ni mfanyakazi wa hospitali mwenye nia njema. Faili lililochorwachorwa litaonekana limeghushiwa, na utakuwa umewapa sababu mpya ya kukukatalia. Karatasi ya zamani inabaki ilivyo. Daktari anaandika taarifa mpya yenye tarehe ya siku hiyo, saini, namba yake ya usajili na mhuri, akieleza kilichoandikwa, maana yake, na kosa lilipoingia.

Taarifa ya daktari ndiyo nguzo ya rufaa, na nyingi hazisaidii kwa sababu zinasema tu kwamba mgonjwa alihitaji upasuaji. Kampuni haikubisha hilo. Muombe daktari ajibu swali lililo kwenye barua ya kukataliwa. Mimi nilimpelekea nakala ya barua hiyo na ya kifungu 7(c), nikamwomba aeleze dalili zilianza lini na amejuaje, alichokikuta kwenye kipimo na kwenye upasuaji, na kama kuna chochote kinachoonyesha mgonjwa alikuwa na dalili kabla ya tarehe 29 Aprili. Aliandika ukurasa mmoja wenye aya zilizopewa namba. Namba hizo zina faida kubwa, maana barua yako itaweza kusema "aya ya 3" badala ya kumwachia msomaji atafute mwenyewe.

Jambo moja la kitaalamu aliloliongeza bila kuombwa lilitusaidia sana. Majibu ya maabara ya kifuko kilichotolewa yalisema kulikuwa na uvimbe sugu. Kwa asiyejua, sugu maana yake mgonjwa ameumwa miaka. Daktari akaeleza kwamba neno hilo kwenye maabara linaelezea hali ya nyama ya kifuko, na kwamba mawe ya nyongo yanaweza kukaa muda mrefu bila mtu kusikia chochote. Watu wengi wenye mawe hayo hawapati dalili kabisa.

Hapa lazima usome mkataba wako kwa makini, neno kwa neno, pamoja na ukurasa wa tafsiri za maneno. Kifungu chetu kiliondoa ugonjwa ambao dalili zake zilijitokeza, au ambao mwanachama alitibiwa, kabla ya kipindi cha kungoja kuisha. Kilizungumzia dalili na matibabu. Hakikusema mawe yasiwepo. Kwa hiyo hata kama mawe yalikuwepo Machi, na huenda yalikuwepo, kifungu hakikutugusa. Ipo mikataba inayoandika kwamba hali iliyokuwepo kabla haifidiwi "iwe inajulikana au haijulikani". Kama wako unasema hivyo, hoja hii haitasimama, na ni afadhali ulijue kabla ya kuijenga rufaa juu yake.

Kiambatisho chetu chenye nguvu kuliko vyote hakikutoka kwa daktari bingwa. Kilikuwa kadi ya zahanati ya tarehe 26 Juni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: maumivu ya tumbo, siku mbili. Taarifa ya bingwa iliandikwa baada ya mgogoro kuanza, na kampuni inaweza kusema daktari anamtetea mgonjwa wake. Kadi ya zahanati iliandikwa wakati hakuna aliyewaza madai. Tafuta karatasi za namna hiyo kabla ya kitu kingine chochote: kadi ya kliniki, cheti cha dawa, risiti ya duka la dawa, majibu ya kipimo cha zamani kinachoonyesha ulikuwa mzima.

Barua yenyewe haikuzidi ukurasa. Sehemu yake ya kati ilisomeka hivi:

"YAH: RUFAA DHIDI YA KUKATALIWA KWA MADAI YA UPASUAJI WA KIFUKO CHA NYONGO

Nakata rufaa dhidi ya uamuzi wenu wa tarehe 9 Agosti wa kutolipa shilingi 6,240,000. Sababu mliyoitoa ni kwamba dalili zilianza ndani ya kipindi cha kungoja, na mmetaja kifungu 7(c).

Kipindi hicho kilianza tarehe 1 Machi na kuisha tarehe 29 Aprili. Dalili za kwanza zilijitokeza tarehe 24 Juni, kama inavyoonyesha kadi ya zahanati (Kiambatisho A) na taarifa ya daktari bingwa (Kiambatisho B, aya ya 2).

Fomu ya madai inayotaja miezi mitatu ilijazwa kutoka kwenye faili la wodi, ambamo muda ulioandikwa ni wiki tatu (Kiambatisho C). Daktari ameeleza kosa hilo kwenye Kiambatisho B, aya ya 3.

Naomba uamuzi ubatilishwe na madai yalipwe. Iwapo mtaushikilia, naomba mnitajie kwa maandishi kumbukumbu ya matibabu inayoonyesha dalili kabla ya tarehe 29 Aprili."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Inawalazimu ama wataje ushahidi, ama wakiri kwamba hawana, na jibu lolote watakalotoa utalihitaji kwenye hatua inayofuata. Juu ya barua weka namba ya mkataba, namba ya mwanachama na namba ya madai. Angalia pia muda wa kukata rufaa uliotajwa kwenye mkataba au kwenye barua yao. Kama taarifa ya daktari inachelewa, peleka barua ndani ya muda na useme kiambatisho kipi kinafuata.

Niliipeleka kwa mkono, nikasainisha kitabu cha dispachi na kugongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Barua pepe niliituma pia, lakini ni ule mhuri uliozuia maneno ya "hatujaiona".

Wangekataa tena, ningepeleka jibu lao, barua yangu na viambatisho vyote kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kusuluhisha migogoro kati ya wateja na kampuni. Wanataka kwanza uwe umelalamika kwenye kampuni yenyewe, ndiyo maana mhuri na nakala ni muhimu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, nayo hupokea malalamiko dhidi ya kampuni inazozisimamia.

Hatukufika huko. Walikubali rufaa, wakaondoa tu tofauti ya chumba, kwa sababu tulilala chumba cha daraja la juu kuliko kilichomo kwenye jedwali la mafao. Hapo mkataba ulikuwa wazi na sikubishana. Kabla ya malipo walinipa hati ya kusaini inayosema napokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho. Nilikaa nayo pale pale kaunta, nikalinganisha kila mstari na risiti za hospitali, nikakuta ada ya daktari wa usingizi haimo. Wakaiongeza, wakachapisha hati nyingine, ndipo nikasaini.