Barua kwa mwanangu: yule mbuzi aachwe mlangoni

«Mama, jana usiku nimezungumza kwa mara ya kwanza na yule mwalimu wa Njombe, zaidi ya saa mbili, hadi salio likaniishia. Nimwandikie nini leo bila kuonekana nina pupa?»

Mwanangu mpenzi,

Rasimu uliyoniletea inasema mazungumzo yalikuwa mazuri sana. Maneno hayo angeweza kuandikiwa mtu yeyote, wala hayamwonyeshi kwamba ulikuwa ukimsikiliza. Katika yote uliyonisimulia, chagua mambo mawili tu, na yawe yale aliyoyasema yeye kwa kucheka. Habari ya maradhi ya baba yake usiiguse kabisa, kwa kuwa alikuamini nayo kwa sauti, usiku, na hujui ni nani atakayekuwa ameketi kando yake ujumbe utakapoingia.

Mimi ningeandika hivi:

«Habari za asubuhi, Mwalimu. Tangu jana nacheka peke yangu nikiwakumbuka wanafunzi wako waliojazana dirishani kukutazama, siku ile ya kwanza ulipovaa kanga mbili juu ya sweta. Kuhusu pilau kutiwa viazi, bado sijakubali kwamba nimeshindwa. Ila yule mbuzi aliyeingia ofisini umemwacha mlangoni salio lilipokatika, nami Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani, na vocha nimeshanunua.»

Utaona kwamba sikuomba kumpigia. Ungeuliza, «Nikupigie Jumamosi saa mbili usiku?», ungemlazimisha kujibu ndiyo au hapana kabla hajajua ratiba yake. Mbuzi ndiye anayebisha hodi kwa niaba yako, kwa sababu kisa kilichokatika kina mwenyewe, na mwenyewe akitaka atakimalizia. Ule ubishi wa viazi nao nimeuacha wazi kwa makusudi. (Baba yako alinifanyia hila kama hiyo kwa barua, akaacha hadithi ya mashua katikati, nami nikamjibu siku hiyohiyo kwa hasira.)

Utume mara moja, ujumbe mmoja, kabla hajaingia darasani au saa nne wakati wa mapumziko. Ulifanya vyema kutomwandikia usiku uleule, maana baada ya saa mbili za maneno masikio yake yalikuwa yamechoka.

Akikujibu, «Mbuzi huyo utamjua tu», au akitaja mwenyewe siku nyingine, mpigie. Akikusimulia kisa chote kwa maandishi, furahi na umwandikie, lakini usipige kwanza, kwani huenda simu ndefu si kawaida yake. Akijibu «asante» peke yake, usiongeze neno hadi Jumamosi ipite, na hata ukiona alama za buluu bila jibu, usimwulize kwa nini yuko kimya. Ana madaftari ya kusahihisha.

Na hilo neno «mrembo» ulilolitia mwanzoni lifute. Hamjaonana.

Mama yako