Mfumo unasema 412, stoo wamehesabu 388

Swali: Nashika hesabu za duka la jumla, na stoo yetu iko mbali na ofisi. Mafuta ya kupikia ya lita moja yapo katoni 412 kwenye mfumo, lakini hesabu ya Jumamosi imetoa 388. Nimwandikie vipi mtunza stoo tusawazishe, bila aone namwita mwizi? Ni mtu mzima kwangu.

Jibu: Mfumo usiuguse kwanza. Ukiondoa katoni 24 leo, halafu kesho ikaletwa delivari noti iliyochelewa, mzigo uleule utatoka mara mbili.

Pia usimtajie 412. Mtu akijua namba inayotafutwa huelekea kuifikia, hata kama hana nia mbaya. Safu ya nyuma asiyoiona huidhania imejaa. Kama umeshamtajia, ahesabu mwingine. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mzee. Mafuta ya lita moja hayakukubaliana na vitabu vyangu, na huenda kosa liko kwangu. Naomba kesho asubuhi, kabla gari halijapakia, mtu mwingine ayahesabu upya pamoja na ya nusu lita, katoni zilizofunguliwa ziwekwe kando. Uniandikie saa mliyoanza. Kisha naomba picha ya bin kadi na noti zote za kupokea na kutoa tangu hesabu ya mwisho wa mwezi, hasa zile ambazo hazijafika ofisini."

Bin kadi, ile kadi ya stoo anayoandika kila kinachoingia na kutoka, ndiyo itakayokuonyesha pa kutafuta. Ikikubaliana na hesabu ya mkono, karatasi imekwama njiani au ofisini kwako. Ikikubaliana na mfumo, basi tatizo liko ndani ya stoo.

Mara nyingi huwa ni vyote viwili. Tuseme hesabu mpya imerudi 388 na bin kadi inasema 392. Tofauti ya 20 kati ya kadi na mfumo itafute kwenye noti: mzigo uliotoka Jumamosi alfajiri, wewe ukauingiza Jumatatu, ni mfano wa kawaida kabisa. Ndiyo maana saa ya kuhesabu ina uzito kuliko tarehe.

Zinabaki 4. Hapo angalia ya nusu lita. Yakiwa yamezidi 4, yaelekea noti iliandikwa nusu lita na wapakiaji wakatoa lita. Kama katoni moja ina chupa 12 za lita na nyingine 24 za nusu, mafuta ni lita 12 kotekote, kwa hiyo hata mteja anaweza asilalamike. Mpigie athibitishe alichopokea, kisha punguza 4 kwenye lita, ongeza 4 kwenye nusu, na utazame kama bei aliyotozwa ni sahihi.

Nusu lita nayo ikiwa sawasawa, hizo 4 ni upungufu. Andika fomu ya marekebisho yenye sahihi yako, ya mzee na ya bosi, ndipo uingie kwenye mfumo.