Vidoko na sauti za kufyatua: ulimi unafanya nini, koo linafanya nini

Swali: *Wadau, nimesikiliza Wahadzabe wakiongea, kuna ile milio ya ulimi katikati ya maneno. Wanaitoaje bila kukata pumzi? Na kwa nini Kiswahili hatuna? Rafiki yangu anasema Wairaqw nao wanayo, ni kweli?*

Mkuu, nianze na la rafiki yako, maana hata mimi niliamini hivyo kabla sijapangiwa kufundisha Mbulu, kwa Wairaqw wenyewe. Kiiraqw hakina milio hiyo ya ulimi. Milio hiyo inaitwa vidoko, na kwa hapa Tanzania imo katika Kihadza na Kisandawe. Kiiraqw kina kitu kingine kinachomchanganya mgeni, nacho hutengenezwa shingoni. Nilikaa Mbulu miaka minne, kisha nikahamia upande wa Kwa Mtoro kwa Wasandawe, na huko ndiko nilikoelewa tofauti, kwa sababu Kisandawe kina vyote viwili.

Sauti zetu nyingi huendeshwa na mapafu: hewa inatoka kifuani, mdomo unaizuia au kuibana, basi. Lakini hewa inaweza kusukumwa na pampu nyingine mbili zilizo juu ya mapafu. Moja ni zoloto, kile kisanduku cha sauti kinachochomoza shingoni kwa wanaume. Nyingine ni ulimi wenyewe. Anayetumia pampu hizo hahitaji pumzi ya kifua kwa sauti ile, na ndiyo maana huoni mtu akihema.

Wewe mwenyewe pampu ya zoloto unaitumia. Weka kidole kwenye zoloto useme "baba", pole pole, kwa nguvu kidogo. Utahisi linashuka kabla ya kila *b*. Fanya hivyo kwa "dada". Kisha sema "mbuzi": halishuki, kwa sababu *b* iliyotanguliwa na *m* ni ya kawaida. Waswahili wengi hutamka *b* na *d* za peke yake kwa kuvuta zoloto chini, na hewa kidogo huingia ndani mdomo unapofunguka. Mzungu akijifunza Kiswahili, *b* yake hukosa ule uzito, na sababu ni hiyo.

Sasa geuza mashine hiyo. Badala ya kushusha zoloto, lipandishe. Ziba mdomo mahali pa *k*, funga nyuzi za sauti kama unavyofunga unapojikaza kuinua gunia, halafu sukuma zoloto juu. Hewa iliyonaswa kati ya koo na ulimi haina pa kwenda, inabanwa. Achia ulimi kwanza, koo likiwa bado limefungwa, na hewa itafyatuka kama jiwe la manati. Koo hufunguka baadaye kidogo, ndipo irabu inaanza. Hiyo ndiyo *k'*, na mimi sauti za namna hii huziita za kufyatua. Haziwezi kuwa na mvumo wa koo, kwa kuwa nyuzi za sauti zimefungwa kabisa.

Kiiraqw kina mbili za wazi. Moja huandikwa *ts*, na utakutana nayo siku ya kwanza sokoni, maana mbili ni *tsar* na nne ni *tsiyahh*. Nyingine huandikwa *tl*: ulimi unaziba penye ufizi, kisha unaachia pembeni, hewa inafyatukia mashavuni. Nilitaja bei kwa wiki kadhaa nikisema *tsar* kwa *ts* ya kawaida yenye pumzi nyingi. Wanafunzi wangu walinielewa, lakini walinirudishia neno kila mara, kwa upole, mpaka mmoja akaniambia: "Mwalimu, usipulize."

Neno hilo moja lilinifaa kuliko maelezo yote niliyosoma baadaye. Kosa la mgeni ni kupuliza. Anasikia mlio mkali, anadhani ni nguvu ya kifua. Jipime hivi: toa pumzi yote, kaa bila kuvuta nyingine, kisha sema *k' k' k'*. Kama bado unasikia milio mikavu, safi, umepata. Kama hakuna kinachotoka, ulikuwa unategemea mapafu. Ukishaweza, ongeza irabu: *k'a*. Kati ya mfyatuko na *a* patakuwa na ukimya mfupi sana. Ukisikia pumzi mahali pa ukimya huo, umerudi kwenye kupuliza. Anza na *k'*, usianze na *p'*. Nyuma ya ulimi ulioziba kwa *k* kuna nafasi ndogo, kwa hiyo zoloto likipanda kidogo tu hewa inabanwa sana. Kwa *p* mdomo mzima ndio chumba chako na mashavu yanatanuka, mgandamizo unapotea. Ndiyo sababu duniani lugha nyingi zenye sauti za kufyatua zina *k'*, na *p'* hukosekana mara nyingi zaidi.

Niseme na hili, kwa kuwa lilinifurahisha nilipolijua. Neno letu "karibu" limetoka Kiarabu, kwenye shina la *q-r-b*, na *q* ya Kiarabu hutamkwa nyuma kabisa ya mdomo. Kiamhari cha Ethiopia ni ndugu wa Kiarabu na kina shina hilohilo: kitu kilicho karibu ni *k'irb*, kwa *k* ya kufyatua. Sisi tumelipokea kwa *k* ya kawaida tu.

Tuje kwa vidoko. Hapa pampu ni ulimi, na sehemu ngumu ya kazi unaijua tayari. Sema "ng'ombe" lakini ubaki kwenye *ng'*, uvume nayo. Sehemu ya nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini, na hewa inapita puani. Kidoko kinahitaji zibo hilohilo la nyuma. Ukiwa bado unavuma *ng'*, ziba na mbele: ncha ya ulimi nyuma ya meno. Sasa kati ya mazibo mawili kuna hewa kidogo iliyonaswa. Shusha katikati ya ulimi, kile chumba kidogo kinapanuka, hewa ndani inakuwa nyepesi. Achia mbele, na hewa ya nje inaingia kwa kishindo. Mvumo wa *ng'* haujakatika hata kidogo, na hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu pumzi. Ulimi unafanya kazi ndani ya kinywa, mapafu na pua vinaendelea na shughuli zao.

Mahali unapoachia ndipo panapobadilisha mlio. Nyuma ya meno ni ule wa kusikitika, tunaoutoa tukisikia habari ya msiba. Pembeni, kwenye magego, ni ule wa kumhimiza punda. Juu ya ufizi, kwa kushusha ncha ya ulimi ghafla, ni mlio kama wa kizibo kinachong'oka kwenye chupa. Kisandawe na Kihadza hutumia hizo tatu. Kwa maandishi huwa ni *c* ya meno, *x* ya pembeni na *q* ya ufizi, herufi zilezile wanazotumia Wazulu.

Lakini kutoa mlio peke yake si kutamka. Nilipofika Kwa Mtoro niliweza vidoko vyote vitatu ndani ya dakika chache, na bado nikashindwa kusema neno. Nilikuwa natoa kidoko, nasimama, kisha naanza irabu, kama vitu viwili. Mwenyeji husikia kasoro hiyo mara moja. Tiba yake ni ile *ng'*: vuma, piga kidoko ndani ya mvumo, pitiliza kwenye *a* bila kusimama. Ukizoea, toa mvumo, ubaki na zibo la nyuma linaloachiwa mara tu baada ya la mbele.

Halafu huja utajiri wenyewe. Kisandawe kinachukua kila kidoko na kukiambatanisha na hali tano: kikavu, chenye pumzi, chenye mvumo wa koo, cha puani, na chenye koo lililofungwa. Tatu mara tano ni konsonanti 15, na kubadili moja ni kubadili neno. Hii ya mwisho ilinichukua miezi, kwa sababu ulimi na koo vinafanya kazi pamoja.

Kwa nini basi lugha chache tu? Si ugumu wa kinywa. Mtoto yeyote wa Kariakoo hupiga vidoko akicheza. Kigumu ni kidoko kuzaliwa ndani ya lugha, kwa maana hakuna sauti ya kawaida inayoteleza kirahisi ikawa kidoko. Karibu kila mahali tunapojua historia, kimepokewa kwa majirani. Kizulu na Kixhosa ni Kibantu kama Kiswahili, na Kibantu cha kale hakikuwa navyo. Walivipata kwa kuishi na kuoana na Wakhoi na Wasan, na inadhaniwa desturi ya heshima iitwayo hlonipha ilisaidia: mke hakutakiwa kutamka silabi zilizo katika majina ya wakwe zake, hivyo sauti ya kigeni ilikuwa njia rahisi ya kubadilisha neno. Leo "kuomba" kwa Kizulu ni *cela*. Pwani ya Kenya, huko Lamu na Tana, kuna Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye vidoko katika maneno kama 40 tu. Wataalamu wanafikiri ni mabaki ya lugha waliyoizungumza mababu wao wawindaji. Kiswahili kilikulia kwenye biashara ya bahari na majirani wengine.

Sauti za kufyatua zina njia rahisi zaidi. *T* ikikaa jirani na mkato wa koo, viwili huungana kuwa *t'*. Kwa hiyo zimejitokeza sehemu nyingi zisizohusiana: Ethiopia, Kaukazi, Andes, kwa Wamaya. Mwaka 2013 mtaalamu wa lugha Caleb Everett alichapisha hoja kwamba zinapendelea nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na kuibana ni rahisi. Ukisimama Mbulu hoja hiyo inavutia sana. Mimi siikubali kirahisi. Kidahalo kinazo, na kiko karibu na usawa wa bahari.

Na kidoko kinaweza kupotea, na kupotea kwake kunaonyesha kilivyoundwa. Mashariki ya Kalahari, Botswana, kuna lugha za Kikhoe zilizopoteza sehemu ya vidoko vyao. Pale dada zao walipo na kidoko cha ufizi, wao mara nyingi wana *k* au *g*. Ncha ya ulimi imeacha kuziba, na kilichobaki ni lile zibo la nyuma.