Betri imekwisha, pikipiki inasukumwa: je, CDI itaungua?

Swali: Habari za kazi, fundi. Naendesha boda hapa Ngamiani, Tanga, pikipiki ya 125 ya kabureta. Kiki meno yamelika, na wiki hii betri haizungushi stata, kwa hiyo asubuhi namwomba mwenzangu tuisukume mpaka iwake. Wakubwa wa kijiweni wananiambia nikiendelea hivi nitaunguza CDI na rektifaya. Ni kweli? Halafu kutwa nzima naizungusha mjini, lakini kesho yake betri iko chini vilevile. Nifanyeje ijae?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kusukuma kwenyewe hakuunguzi kitu. Krenki ikizungushwa na stata, na kiki au na tairi la nyuma, koili za magneti zinatoa umeme uleule, na CDI, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi, haina namna ya kujua nani kaizungusha. Wakubwa wako hawajakosea kabisa lakini, maana CDI na rektifaya huwa zinaungua kweli kwenye pikipiki za kusukuma. Chanzo ni hali ya betri yenyewe, au kile watu wanachokifanya injini ikishawaka.

Betri kwenye pikipiki ina kazi mbili. Inatunza umeme, na pia inatuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uweze kuchaji betri. Umeme huo hauji laini bali unapanda na kushuka kwa mapigo. Betri iliyoishiwa umeme bado inaifanya hiyo kazi ya pili, tena vizuri, kwa sababu ina njaa na inameza kila kinachokuja. Hatari iko kwa betri iliyokatika ndani, au iliyolegea vichwani, au fyuzi yake imekatika. Hapo ni sawa na kuendesha bila betri: ukipiga resi mapigo ya volti yanapanda, balbu zinaungua moja baada ya nyingine, na kama CDI yako ni ile inayolishwa na betri, nayo inapigwa na mapigo hayohayo.

Kwa hiyo kabla hujasukuma, washa swichi utazame taa ya nyutro, kisha bonyeza honi. Taa ikiwaka hata kwa mwanga hafifu na honi ikakoroma, betri imeishiwa tu lakini imeungwa. Sukuma bila wasiwasi. Isipowaka kabisa, usisukume kwanza. Fungua kifuniko cha pembeni uangalie fyuzi na vichwa vya betri. Hapa kwetu upepo wa chumvi unakula vichwa haraka, unakuta unga mweupe au wa kijani umejaa kati ya nyaya na risasi, na umeme haupiti ingawa betri ni nzima. Ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, mimina maji ya moto kidogo, sugua kwa brashi ya waya, kausha, anza kufunga chanya halafu hasi, paka grisi juu. Nimeona betri nzima zikitupwa kwa sababu ya uchafu huu tu.

Kama taa na honi vimekufa kabisa na pikipiki bado inawaka ikisukumwa, maana yake CDI yako inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti. Aina ya pili, inayotegemea betri, ikikosa volti kabisa mtasukuma mpaka Chumbageni bila cheche. Hapo nguvu hazisaidii, tafuta umeme kwanza.

Namna ya kusukuma nayo ina taratibu zake. Fungua koki ya petroli, weka swichi ya kuzima injini ya kwenye usukani mahali pa kuwasha, vuta choki kama injini ni baridi. Zima taa ya mbele. Tia gia ya pili, bana klachi, mwenzako asukume mpaka mfikie mwendo wa mtu anayekimbia. Kaa kwenye siti kwa uzito wako wote na papo hapo achia klachi. Ikikohoa na kushika, bana klachi tena mara moja na uishike kwa resi ndogo. Gia ya kwanza haifai, kwa sababu inazungusha injini kwa uzito mkubwa na tairi linajifunga na kuteleza, hasa kwenye mchanga. Sogea kwenye lami au udongo mgumu.

Ikishawaka, kuna jambo moja tu la kukataza kwa herufi kubwa: USICHOMOE waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Ni mazoea ya zamani ya kupima kama rektifaya inachaji, fundi anachomoa kichwa cha betri na kusema "ikiendelea kuwaka, inachaji". Katika sekunde hiyohiyo umeondoa kinachotuliza umeme, na hapo ndipo CDI za kijiweni kwenu zinapofia. Wanakuja kusema ilikuwa ni kusukuma. La pili ni kugeuza nyaya wakati wa kuazima umeme kwenye betri nyingine: chanya ikikutana na hasi, fyuzi ikibahatika inakatika mapema, isipobahatika diodi za rektifaya zinakwenda.

Sasa kuhusu kutwa nzima mjini na betri isijae. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kupigwa resi, magneti inatoa umeme mdogo. Taa ya mbele ya wati 35 inataka karibu ampea 3, ongeza taa ya breki unaposimama kila kona ya barabara za Ngamiani, indiketa, honi, chaja ya simu na zile taa za ziada mnazofunga mbele. Ukijumlisha, betri hairudishiwi kitu, na pengine inachangia. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mbele ikiwaka, basi inalishwa na betri, na ukiiacha imewaka kwenye safari fupi za mchana unakula akiba yako. Isipowaka mpaka injini iwake, inakula kwenye magneti moja kwa moja.

Barabara ndefu ni habari nyingine. Ukipata abiria wa Muheza, ukaenda na kurudi kwa mwendo wa kudumu na taa ya mbele imezimwa, betri itapanda kiasi cha kuzungusha stata kesho yake. Haitajaa lakini, kwa sababu betri inavyokaribia kujaa inapokea polepole zaidi, na ile sehemu ya mwisho inataka saa nyingi. Betri inayobaki nusu kila siku inaota ukoko mweupe wa salfeti kwenye sahani zake, na baada ya wiki chache haipokei tena.

Kwa hiyo, chaja. Soma pembeni ya betri: pikipiki nyingi za aina yako zina 12V 5Ah. Kanuni ni kuchaji kwa sehemu moja ya kumi ya namba hiyo, yaani ampea 0.5. Tuseme umeipima ikiwa imetulia ikasoma volti 12.0. Hapo imebaki kama robo, imepungukiwa karibu 3.75Ah. Sehemu ya umeme unaoingia inapotea kwa joto na mapovu, kwa hiyo utaingiza kama 4.5 hadi 5Ah, na kwa ampea 0.5 hiyo ni saa 9 au 10. Iache usiku kucha. Ukiipeleka kwa mwenye chaja ya malori akaifungulia ampea 10, ndani ya nusu saa inachemka, sahani zinapinda, na risasi inayodondoka chini inaunganisha seli. Kama hakuna chaja ndogo, mwambie aunge balbu ya pikipiki ya 12V 10W kwenye waya wa chanya, umeme upite ndani ya balbu kabla ya kufika kwenye betri. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea moja hivi, na inavyofifia unajua betri inajaa.

Ondoa betri kwenye pikipiki kabla ya kuichaji. Yenye vifuniko sita vya kufungua, tazama maji yawe kati ya mistari miwili ya ubavuni, na kama yamepungua ongeza maji ya betri yaliyokenekwa, si asidi wala ya bomba. Fungua vifuniko wakati wa kuchaji, weka mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, kwa maana gesi inayotoka inalipuka. Iliyofungwa moja kwa moja usiitoboe. Ukiigusa ubavuni na mkono haustahimili joto, simamisha ipoe.

Baada ya kuchaji iache itulie saa kadhaa, hata usiku mmoja, ndipo uipime. Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. Ikikwama kwenye 10.5 hivi, seli moja imekufa na hakuna chaja itakayoifufua. Ikisoma 12.6 lakini ukibonyeza stata inaanguka chini ya 9, sahani zimechoka. Hizo mbili ni za kubadilisha, na usiendelee kuzisukuma, kwa sababu yenye seli iliyokufa inaifanya rektifaya ifanye kazi ya moto kutwa nzima.

Betri ikiwa imejaa ndiyo sasa pima rektifaya, wala si kabla. Watu wengi wananunua rektifaya bure kwa kupima na betri iliyo chini, ambayo inavuta volti isipande hata kama kila kitu ni kizima. Weka mita kwenye vichwa vya betri, washa injini, piga resi ya kati. Isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, angalia soketi ya nyaya zinazotoka magneti, mara nyingi imeungua na kuwa kahawia. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti tena, zima injini kabla haijachemsha betri na kuunguza balbu.

Kama vyote viko sawa na asubuhi bado iko chini, kitu kinavuta usiku. Zima swichi, ondoa waya wa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri, na usiguse stata wakati huo maana fyuzi ya mita itakatika. Pikipiki isiyo na alamu isome karibu sifuri. Ikisoma miliampea makumi, anza na ile chaja ya simu iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, uihamishie kwenye waya unaopita swichi.

Na ukilazimika kununua mpya, chukua ya Ah ileile. Ikiwa ni ya kujaza asidi dukani, ukishaijaza iache nusu saa, kisha ichaji kwa ampea 0.5 kwa saa 3 hadi 5 kabla ya kuifunga. Wauzaji wengi wanakupa baada ya dakika kumi, na betri hiyo haifiki uwezo wake kamili tena.