Vifupisho na saa katika chati ya dawa

"Nimepewa chati ya dawa na ripoti ya wauguzi ya kukabidhiana zamu nizitafsiri kwa Kiswahili. Vifupisho nivifanyeje?"

Ndugu, mstari wa dawa unakili herufi kwa herufi, kisha maelezo ya Kiswahili uyaweke kwenye safu ya pembeni. Chukua mfano huu:

```
Metronidazole 500 mg IV TDS 06:00 14:00 22:00
```

Maelezo yake ni miligramu 500 kwa njia ya mshipa, mara tatu kwa siku. Kwa maoni yangu, hatari kubwa hapa imo kwenye saa kuliko kwenye jina la dawa, kwa sababu 14:00 ni saa 8 mchana, na ukiandika "saa 8" pekee, muuguzi aliyezoea saa za chati anaweza kuisoma kama 08:00, dozi ikatolewa saa mbili tu baada ya ile ya 06:00. Basi 14:00 ibaki ilivyo, na "saa 8 mchana" iandikwe pembeni, bila kuacha neno "mchana".

Kwenye ripoti ya zamu, NBM nayo ibaki, pembeni ukieleza kwamba mgonjwa asile wala asinywe chochote. OD ndiyo ya kuangalia sana: aghalabu ni mara moja kwa siku, lakini kwenye dawa ya matone huweza kuwa jicho la kulia. Usikisie, muulize aliyeandika, na asipopatikana, andika pembeni "maana haijathibitishwa".